Ujumbe wa kikatili kwenye kundi la WhatsApp: je, kusoma na kunyamaza ni kutoshiriki?

"Mimi sikuandika chochote, nimesoma tu, nikinyamaza siko upande wowote."

Vijana wengi huamini hivyo kwa nia njema, hasa kwa kuogopa kugeuziwa kibao. Hata hivyo, aliyeandika ujumbe ule anaweza kuubonyeza kwa muda, akafungua maelezo yake na kuona majina ya waliousoma, langu likiwemo. Kuzima alama za buluu hakusaidii, kwa kuwa mpangilio huo haufanyi kazi kwenye makundi. Ukitaka kuhakiki, tuma ujumbe wako kundini kisha utazame maelezo yake. Akiona majina thelathini na hakuna aliyepinga, ni rahisi kwake kudhani tumekubali, na anayetukanwa naye hudhani hivyohivyo.

Si lazima nibishane kundini. Mara nyingi mabishano huongeza watazamaji. Kwanza napiga picha ya skrini inayoonyesha jina na saa, kwa sababu mwandishi au msimamizi wa kundi anaweza kuufuta ujumbe, kisha namwonyesha mtu mzima ninayemwamini, bila kuisambaza kwa marafiki. Naweza pia kuripoti: mtumaji haarifiwi. Halafu namwandikia mwenzangu faraghani: "Nimeona walichokuandikia. Sikubaliani nacho. Ungependa twende pamoja kwa mwalimu?" Asipojibu siku hiyo, simsumbui kwa maswali, kesho namsalimu kama kawaida na kukaa naye wakati wa mapumziko.