Swali limeulizwa slaidi ya 13, kosa liko slaidi ya 4: dhana potofu kuhusu kurekebisha wasilisho

Mtoa mada akishamaliza na watu wakatawanyika, mkononi hubaki na vitu viwili: maswali yaliyoulizwa na fomu za maoni. Wengi hufungua faili la slaidi usiku huohuo na kuanza kuongeza. Wasilisho la slaidi 14 linafika 19, muda ni uleule wa dakika 20, na safari inayofuata maswali yanarudi yaleyale. Dhana zifuatazo ndizo huwafikisha hapo.

Dhana: kila swali linadai slaidi yake.

Maswali si ya aina moja. Kuna la kutaka kueleweshwa, la mtu ambaye hakushika ulichosema. Kuna la kwenda mbele: amekuelewa barabara, sasa anataka kujua hatua inayofuata. Kuna la kupinga, la aliyeelewa ila hakubali. Na kuna lile ambalo si swali hata kidogo, ni hotuba ya muulizaji iliyotiwa "au sivyo?" mwishoni. Hilo mshukuru, uendelee.

La kwanza ndilo linalokuambia kwamba kuna slaidi haikufanya kazi yake. La kwenda mbele ni dalili njema, na jibu lake likae kwenye slaidi za akiba, zile zinazowekwa baada ya slaidi ya mwisho na kufunguliwa zikihitajika tu. La kupinga mara nyingi halitaki maelezo zaidi. Linataka ushahidi uje mapema. Ukitoa dai kwenye slaidi ya 5 na takwimu zake zikangoja hadi ya 11, wasioamini watakuwa wamepitia slaidi zote za katikati wakibishana nawe kimoyomoyo. Sogeza takwimu zifuate dai. Hujaongeza hata slaidi moja.

Dhana: tatizo liko kwenye slaidi iliyokuwa ukutani swali lilipoulizwa.

Hii ndiyo inayopoteza kazi nyingi kuliko zote, kwa sababu inaonekana ya kweli. Mwenzangu mmoja hutoa mada ya kutunza mafaili yasipotee. Kiini chake ni kanuni ya 3-2-1: nakala 3 za kila faili, kwenye vyombo vya aina 2, na nakala 1 ikae mahali pengine. Slaidi ya 13, inayohusu kurejesha mafaili kompyuta ikiharibika, ilikuwa bado ukutani aliporuhusu maswali. Akaulizwa matatu:

"Nikifuta picha kwenye simu kwa bahati mbaya, kule mtandaoni itabaki?"

"Mimi kila kitu changu kinajihifadhi chenyewe mtandaoni. Diski ya nje ya nini tena?"

"Virusi vikiyafunga mafaili ya kompyuta, yale ya mtandaoni yanapona?"

Ukiyasoma juujuu ni maswali matatu ya mambo matatu: kufuta, kununua diski, virusi. Ungeweza kutengeneza slaidi tatu mpya baada ya ile ya 13. Lakini liulize kila swali hivi: ili mtu aulize hili, lazima awe anaamini nini? Wa kwanza hana hakika kama folda ya mtandaoni hufuata yanayotendeka kwenye simu. Wa pili anaamini kwamba folda hiyo ni nakala ya akiba kamili. Wa tatu anashuku kwamba pengine sivyo. Wote watatu wamesimama mahali pamoja: hawajatenganisha kusawazisha na kuweka nakala ya akiba. Folda inayosawazishwa hubeba kila badiliko, na kufuta ni badiliko pia. Huduma nyingi huliweka faili lililofutwa kwenye kapu la taka kwa muda fulani, kisha linaondoka kabisa.

Baada ya hapo unarudi nyuma, slaidi moja moja, ukitafuta ni wapi imani hiyo ilipandwa. Hapa ilikuwa slaidi ya 4. Ilikuwa na visanduku vitatu, yaani kompyuta, diski ya nje na hifadhi ya mtandaoni, vimeunganishwa kwa mishale inayofanana, na juu yake maandishi makubwa "Nakala 3". Mchoro wenyewe ulikuwa umesema kwamba folda ya mtandaoni na diski ni kitu kimoja. Mdomo ulieleza tofauti baadaye, lakini picha ilikuwa imeshatangulia.

Marekebisho yalikuwa madogo. Mshale wa kwenda kwenye folda inayosawazishwa ukawekwa vichwa viwili, na chini yake mstari mmoja: "Ukifuta hapa, na kule hufutika." Mshale wa kwenda kwenye diski ukabaki na kichwa kimoja, ukaandikwa tarehe ya nakala ya mwisho. Folda ya mtandaoni haikuhesabiwa tena kati ya zile nakala 3. Mahali pake pakakaa diski ya pili inayotunzwa jengo jingine. Slaidi ya 13 haikuguswa.

Kipimo cha kwamba umepatia si makofi, ni swali kubadilika. Kikao kilichofuata, watu walimuuliza nakala ifanywe kila baada ya siku ngapi, na mtu atajuaje kwamba nakala yake inafunguka. Hayo ni ya kwenda mbele. Tahadhari moja tu: kundi likiwa tofauti sana na la kwanza, mafundi badala ya watumiaji wa kawaida kwa mfano, swali la zamani lingetoweka hata kama hukubadilisha chochote. Linganisha makundi yanayofanana kabla hujajipongeza.

Dhana: alama za fomu zinatosha kuonyesha pa kurekebisha.

Wastani wa 4.3 kati ya 5 unakuambia kwamba watu hawakuchukia. Hauonyeshi slaidi yoyote. Weka maswali mawili ya kuandika: "Utafanya jambo gani moja kutokana na mada hii?" na "Ni wapi ulipoachwa nyuma?" La kwanza lina nguvu kuliko linavyoonekana. Majibu mengi yakitaja kisa ulichochekesha nacho badala ya hoja kiliyoibeba, kisa kimeimeza hoja. Kifupishe, au andika hoja kwenye slaidi ileile ya kisa.

Dhana: wakinyamaza, wameelewa.

Wanaouliza ni wachache wenye ujasiri, kwa hiyo soma na yale yasiyosemwa. Wanaoinua simu kupiga picha slaidi wanakuambia kwamba wanaihitaji baadaye, au kwamba ina mengi kuliko wanayoweza kusoma papo hapo. Mtu akimnong'oneza jirani mara tu baada ya grafu, huenda anauliza mhimili ule unapima nini. Na ombi la "turudie ile ya nyuma" lina thamani ya swali zima: andika ni ipi.

Dhana: maswali nitayakumbuka.

Utakachokumbuka ni majibu yako. Swali linalosimuliwa upya huvutwa lifanane na jibu ulilolitoa, na imani iliyokuwa nyuma yake inapotea. Mwombe mtu aliyeketi nyuma aandike maneno ya muulizaji kama yalivyo, pamoja na namba ya slaidi iliyokuwa ukutani. Kwa hiyo washa namba za slaidi, ziwe kubwa za kuonekana kutoka kiti cha mwisho. Ukizibadilisha mpangilio, tunza faili la zamani kwa tarehe yake, maana "slaidi ya 4" kwenye karatasi ya maswali ni ya toleo lile, si ya hili jipya.