"Mpe punguzo, atarudi": dhana potofu kuhusu barua ya radhi baada ya miadi kugongana

Wenye saloni wanaokuja kwangu hapa Kampala kuandikiwa barua za wateja huja na sentensi moja, utadhani wamesoma darasa moja: "Andika samahani, mpe punguzo la asilimia 20, atarudi." Nimechoka kuisikia. Wenye kumbi, wapiga picha na wapambaji wanayo vilevile, ila saloni ndiko inakoumiza zaidi, kwa hiyo nitakaa huko.

Dhana: punguzo ndilo linalomrudisha mteja

Chukua kisa cha kawaida kabisa. Dada mmoja amesukia saloni hiyohiyo kwa miaka. Jumapili kuna kwanjula ya mdogo wake, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa binti, huko Mukono, naye ameweka miadi ya Jumamosi saa mbili asubuhi, asukwe rasta ndogo, kazi ya saa sita au zaidi. Bei ni shilingi 120,000, na 40,000 ameshazitanguliza kwa simu. Anafika, anakuta kiti kimekaliwa na mtu ambaye naye kapewa saa mbili ileile. Anaambiwa asubiri kidogo. Anayejua kusuka anajua kwamba hapo hakuna kidogo: kichwa cha mwenzake ndiyo kwanza kinagawanywa mistari. Saa tatu na nusu anaondoka, anachukua boda, anapata saloni nyingine inayomtoza 150,000 kwa sababu ni Jumamosi na hana miadi, na anatoka huko usiku.

Jumatatu mwenye saloni ananiletea rasimu: "Mteja wetu mpendwa, tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza kutokana na sababu zisizoepukika. Tunakupa punguzo la asilimia 20 kwa huduma yako ijayo, hadi mwisho wa mwezi. Vigezo na masharti kuzingatiwa."

Isome ukiwa na kichwa cha huyo dada. Rasta alizosukwa Jumamosi atakaa nazo wiki sita hadi nane. Mwisho wa mwezi utafika zikiwa bado mpya. Punguzo litakufa kabla hajafumua hata moja, na yeye analijua hilo mara anapoisoma tarehe. Halafu zile 40,000 zake bado ziko mikononi mwa saloni! Kwa hiyo anachosikia ni hiki: umeshika 40,000 zangu, na unaniahidi kunisamehe 24,000 nikikuletea kazi nyingine ya 120,000. Barua hiyo haimrudishi. Inampa la kuwasimulia wenzake.

Ukweli ni kwamba kuna vitu viwili hapa, na rasimu hiyo imevichanganya. Kimoja ni deni, kingine ni zawadi. Deni ni kila shilingi iliyomtoka kwa sababu yenu: arubuni aliyotanguliza, alichoongeza kule alikokwenda, na nauli ya kuhangaika. Deni halitangazwi kama ukarimu. Linalipwa, tena kabla ya barua, ili barua iseme "nimekutumia" na si "tutakutumia". Ukituma kwa simu, ongeza ada ya kutolea, pamoja na ile kodi ya asilimia 0.5 inayokatwa mtu anapotoa pesa. Kwa 80,000 kodi hiyo ni shilingi 400 tu, lakini mteja aliyekasirika akienda kwa wakala akakuta kiasi hakifiki alichoandikiwa, umeanza ugomvi wa pili.

Zawadi ndiyo inayomrudisha, na zawadi inafaa ianguke siku ambayo mteja atakuwa anaamua aende wapi. Kwa msukaji siku hiyo inajulikana: ni siku ya kufumua. Hapo rasta zimechoka, anatafuta mtu wa kumsaidia kazi ya saa mbili tatu ambayo hakuna anayeipenda, na bado hajaamua atasukia wapi tena. Basi mpe hiyo. Mfumulie, muoshe, bure, hata kama rasta zilisukwa kwa jirani yako. Wewe inakugharimu shampuu, mafuta na muda wa msaidizi siku ya katikati ya wiki ambayo saloni iko kimya. Yeye inampunguzia kero halisi, na anakaa kwenye kiti chako nywele zikiwa wazi. Hata akitaka kuzipumzisha wiki moja mbili kabla ya kusuka tena, kuna nafasi nzuri ataondoka na miadi.

Barua niliyomwandikia mwenye saloni ilikuwa hivi:

> Dada yangu,
>
> Jumamosi ulifika kwa miadi yako ya saa mbili asubuhi ukakuta kiti chako kimekaliwa na mtu mwingine. Kosa ni letu. Ulikuwa umelipa, ulifika kwa wakati, tukakuweka saa moja na nusu tukikwambia usubiri kidogo, na wewe unajiandaa kwa kwanjula ya mdogo wako. Naomba radhi.
>
> Miadi yako iliandikwa kwenye daftari la mapokezi. Mimi nikampa mtu mwingine saa hiyohiyo kwa simu, bila kuangalia daftari. Kuanzia leo hakuna anayepewa saa kabla daftari halijafunguliwa, na anayetanguliza pesa anatumiwa ujumbe wenye siku, saa na jina la msusi.
>
> Asubuhi hii nimekutumia 80,000 pamoja na ya kutolea: 40,000 ulizotanguliza, 30,000 ulizoongeza kule, na 10,000 za boda.
>
> Rasta hizo zikifika wakati wa kufumuliwa, njoo tukufumulie na kukuosha bila malipo. Nafasi hiyo ni yako kwa miezi mitatu, siku yoyote hata Jumamosi, na hulazimiki kusuka kwetu baada ya hapo. Nitumie siku unayotaka, nitaiandika mwenyewe.

Chini yake jina la mwenye saloni na namba yake ya simu. Si "Uongozi". Mteja hakuwahi kusukwa na uongozi.

Angalia ile miezi mitatu: wiki nane za rasta, na nafasi ya kupumua. Angalia pia maneno "hulazimiki kusuka kwetu." Mwenye saloni alitaka kuyafuta, nikakataa. Zawadi yenye sharti la kununua ni tangazo la biashara, na anayeisoma baada ya kuvunjiwa miadi analinusa tangazo hilo haraka sana.

Kinachoharibu baada ya hapo mara nyingi hakimo kwenye barua. Dada anakuja wiki ya saba, mwenyewe hayupo, msichana wa mapokezi anamuuliza: "Ofa gani?" Hapo umempoteza kabisa, na safari hii kwa haki. Siku unayotuma barua, andika ofa hiyo kwenye daftari pamoja na jina lake na tarehe ya mwisho, na uwaambie wasusi wote. Na usiahidi makubwa. Kuna aliyetaka kuandika "utasukwa bure mwaka mzima." Kwa hesabu ya rasta hizo ni kama mara sita au zaidi, shilingi 720,000 kwenda juu. Ataanza kumkwepa kufikia mara ya tatu.

Dhana: "sababu zisizoepukika" inalinda heshima ya biashara

Miadi miwili kwenye kiti kimoja inaepukika kwa daftari na kalamu. Kila mteja anajua. Andika sababu halisi kwa sentensi moja au mbili, kisha ulichobadilisha, basi. Usimtaje msichana wa mapokezi kama mkosaji, na usimguse yule mteja mwingine. Eti "alifika mapema kuliko wewe" ni kumwambia dada kwamba alichelewa mahali ambapo hakuchelewa.

Dhana: ukikiri kosa kwa maandishi umejifunga kisheria

Hii huja na sauti ya chini, kama siri. Ndugu yangu, ujumbe wako wa WhatsApp uliosema "nimepokea 40,000, karibu Jumamosi saa mbili" tayari upo kwenye simu yake. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inatambua ujumbe wa kielektroniki kama maandishi, na inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na hilo. Kuficha neno "kosa" hakufuti hayo. Kulipa deni mapema ndiko kunakopunguza cha kudaiwa. Tofauti ipo pale fedha zinapokuwa nyingi, mfano ukumbi wa harusi wa mamilioni ulioahidiwa familia mbili: hapo omba radhi upesi, ila kabla ya kuandika tarakimu yoyote ya fidia, muone wakili.

Dhana: simu inatosha, barua ni ya wazungu

Simu ni ya kwanza, tena siku hiyohiyo, na ni ya kusikiliza. Zile 30,000 na 10,000 kwenye barua zilipatikana vipi? Aliulizwa kwa simu: "Ulilipa ngapi kule? Ulifikaje?" Barua inafuata ndani ya siku mbili ili ahadi isibaki hewani, na ili awe na kitu cha kumuonyesha msichana wa mapokezi. Kuituma kwa WhatsApp hakuna ubaya. Kuituma bila kupiga simu kwanza ndiyo kosa, kwa sababu utakuwa unakisia hasara yake, na ukikisia chini unamtukana.

Dhana: barua ndefu inaonyesha majuto

Hapana. Inaonyesha mtu anayejitetea. Ile ya juu inasomwa kwa dakika moja, na hata hivyo ningekata sentensi mbili kama mwenyewe angekubali.

Dhana: asipojibu, mfuate mpaka ajibu

Wengi hawajibu. Wanapokea pesa, wanasoma, wanakaa kimya, na kimya hicho si hapana. Msimpigie, msimtumie picha za mitindo mipya. Ikifika wiki ya tano au ya sita, tuma ujumbe mmoja: "Dada, ile nafasi yako ya kufumua bado ipo hadi tarehe fulani. Jumanne na Jumatano asubuhi hatuna msongamano." Asipoijibu hiyo pia, mwacheni, na ofa ibaki daftarini hadi tarehe yake.