Kihusishi hakitafsiriwi: “interested”, “afraid” na “responsible” katika barua pepe za kazini

Tangu tuanze kupitia rasimu za barua pepe za Kiingereza kabla hazijatumwa, kitengo chetu cha lugha kimepokea malalamiko mengi yanayofanana: kwa nini rasimu nzima irudishwe kwa sababu ya neno moja la herufi mbili? Swali ni la haki na linastahili jibu kamili.

Tuanze na rasimu ya mtu anayetaka kuhudhuria mafunzo:

```
I am interested on the training of 14 May.
I am afraid from missing the deadline, because
I am not responsible of the forms.
```

Baada ya kusahihishwa inasomeka hivi:

```
I am interested in the training on 14 May.
I am afraid of missing the deadline, because
I am not responsible for the forms.
```

Vivumishi vitatu, na kila kimoja kina kihusishi chake. Mwandishi wa rasimu ya kwanza hakukisia ovyo. Alifuata Kiswahili, na Kiswahili kilimpa majibu yenye mantiki. Sisi husema “wajibu wa kujaza fomu” na “msimamizi wa fomu”, na tumefundishwa kuwa “wa” na “ya” ni “of”. Kwa hiyo “responsible of” inakuja yenyewe. Hofu nayo mara nyingi huelezwa kuwa “imetokana na” jambo fulani, na hapo “from” inajipenyeza. Kuhusu “interested”, sisi “huvutiwa na” kitu, na “na” hiyo inaweza kugeuka “with”, “by” au “and”. Mwandishi akiona hakuna inayokaa vizuri, anakimbilia “on” aliyoizoea katika “information on” na “training on”.

Ndiyo maana tunasisitiza, na tutaendelea kusisitiza, kwamba “of” si tafsiri ya “ya”. Katika “the responsibility of the accountant”, “of” inamtaja mwenye wajibu. Jambo analowajibika kwalo hutanguliwa na “for”: “the accountant is responsible for the forms”. Ukiandika “responsible of the forms”, umeziweka fomu mahali pa mhasibu.

Njia ya kukumbuka ipo. Tafuta nomino ya ukoo uleule, kwani mara nyingi hubeba kihusishi kilekile: “interest in” na “interested in”, “responsibility for” na “responsible for”, “awareness of” na “aware of”. Hata “fear of” hukupeleka kwenye “afraid of”, ingawa maneno yenyewe hayafanani. Ila njia hii si sheria. Tunasema “proud of”, lakini nomino yake ni “pride in”. Pale unapotia shaka, fungua kamusi ya wanaojifunza Kiingereza usome sentensi za mfano. Usiishie kwenye maana ya neno, kwa sababu kihusishi kimekaa ndani ya mifano.

Kitenzi kikifuata, kosa la pili huzaliwa. Kiswahili kina “kuandaa” tu, lakini Kiingereza kina “to prepare” na “preparing”. Baada ya kihusishi tumia umbo lenye “-ing”: “responsible for preparing the report”, “interested in attending”. Kwa “interested” pana nafasi nyingine iliyo sahihi pia: “I would be interested to know”, na vilevile “to hear” au “to see”, pale unapotaka kupata habari fulani. Haitumiki kueleza kwamba unapenda kushiriki katika jambo.

“Afraid” ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hapa kuna kosa lisiloonekana kabisa. Linganisha sentensi hizi mbili:

```
I am afraid of missing the deadline.
I am afraid I will miss the deadline.
```

Ya kwanza inasema una wasiwasi, na kwamba bado unajitahidi kuwahi. Ya pili, katika barua za kazini, husomwa kwa kawaida kama njia ya adabu ya kutoa habari mbaya: samahani, nitachelewa. Mpokeaji hatafikiri unaogopa chochote. Anaweza kuifuta nafasi yako na kumpa mwingine, na atakuwa amefanya sawa kwa mujibu wa ulichomwandikia. Sarufi ya sentensi zote mbili ni safi, kwa hiyo hakuna programu ya kusahihisha itakayokuonya. Kama unachotaka kueleza ni wasiwasi, andika “I am worried about missing the deadline”, halafu ongeza ombi lako. Ikumbukwe pia kwamba “afraid to open the file” ni kusita kulifungua faili, wakati “afraid of losing the file” ni hofu kwamba litapotea.

Tunaambiwa kila siku kwamba “si maana inaeleweka?” Kwa “interested on”, ndiyo, inaeleweka. Kwa “responsible” hatukubali. “She is responsible for the store” ni kwamba ghala liko chini yake. “She is responsible to the store manager” ni kwamba mkuu wa ghala ndiye bosi wake. Anayeandika “responsible to the store” akikusudia la kwanza anamwacha msomaji akijiuliza nani anamsimamia nani. Zaidi ya hapo, “responsible for” hubeba lawama pia. “You are responsible for the error” humwambia mtu kwamba yeye ndiye aliyekosea. Kama ulikusudia kumpa kazi ya kurekebisha, andika “You are responsible for correcting the error”. Neno moja hapo linatenganisha agizo na tuhuma.

Sasa utaratibu. Usitegemee mstari mwekundu: ukaguzi wa tahajia huangalia neno mojamoja, na “responsible” na “of” zote zimeandikwa sawa. Kabla ya kuwasilisha rasimu, bonyeza Ctrl+F, tafuta “responsible”, kisha “interested”, kisha “afraid”, na kila mara soma maneno mawili yanayofuata. Rasimu yenye kosa la kihusishi pekee hurudishwa mara moja ikiwa na alama kwenye mstari husika. Sahihisha mstari huo tu na uirudishe. Rasimu inayogawa majukumu haipitishwi mpaka jina, kivumishi, kihusishi na kazi viwe katika sentensi moja, na hili halina msamaha hata kama barua ni ya haraka.

Ikiwa barua imeshatoka, usijaribu kuivuta irudi. Kwa kawaida huduma hiyo haifanyi kazi kwa mpokeaji aliye nje ya mfumo wenu wa barua, na mara nyingi hushindikana akiwa tayari ameisoma. Jibu juu ya barua ileile, anza mada kwa neno “Correction”, nukuu sentensi yenye kosa, kisha weka iliyo sahihi chini yake. Wote waliopokea ya kwanza wapokee na ya pili, wakiwemo walionakiliwa.