Uchafu ukeni unaorudi baada ya dawa: kwa nini tunaangalia mlango wa kizazi

Kampeni za Januari za saratani ya mlango wa kizazi hutuletea wanawake wa aina mbili kwenye foleni moja. Wapo wasio na dalili yoyote, na kipimo cha siki, yaani kupaka siki kwenye mlango wa kizazi ili kuona mabadiliko ya awali kabla ya saratani, ni chao. Wapo pia wanaotokwa na majimaji ukeni kwa wiki nyingi, yenye damudamu na harufu kali, nao wanaomba siki. Hawa njia yao ni nyingine.

Uvimbe wa saratani hukua kuliko mishipa yake ya damu inavyoweza kuulisha. Sehemu zake hufa na kuoza, bakteria huingia humo, na harufu hutoka hapo. Uso wake huvuja majimaji, tena hutoka damu kwa kuguswa tu, ndiyo maana wengi huiona damu baada ya tendo la ndoa.

Chukua mfano wa mama wa miaka 52, hedhi ilishakoma, ila anavaa pedi kila siku. Duka la dawa limempa flajili mara mbili. Kila mara harufu ilipungua, kisha ikarudi, akaambiwa ni yutiai sugu. Yutiai ni ya njia ya mkojo, haitoi uchafu ukeni! Flajili huua bakteria walio kwenye nyama iliyooza, hivyo harufu hukata na uvimbe hubaki. Nafuu ya namna hiyo haithibitishi kitu. Na damu baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima si hedhi iliyorudi, hata kama ni tone.

Akija kwetu, tunaomba asijioshe ndani wala asingoje damu ikauke. Tunautazama mlango wa kizazi kwa spekula, kifaa cha kufungulia uke. Pengine ni maambukizi, au kinyama kisicho saratani, na hayo yana tiba yake. Tukiona uvimbe au kidonda cha kutia shaka, hatupaki siki wala hatuchomi kwa joto, kwa kuwa kuchoma ni tiba ya mabadiliko ya awali tu. Tunakata kinyama kidogo ukingoni, penye nyama hai, maana iliyooza haimpi mtaalamu wa maabara cha kusoma. Damu huzuiwa kwa kukandamiza gozi. Kinyama huwekwa kwenye chupa ya fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze; jina, umri na namba ya faili huandikwa kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko, kwani vifuniko hubadilishana. Fomu nayo ijazwe yote, pamoja na tarehe ya hedhi ya mwisho.

Majibu yakisema hakuna saratani ilhali uvimbe tunauona kwa macho, faili halifungwi. Mama huitwa tena, na kinyama huchukuliwa upya sehemu nyingine.