Soda ya Ruaha Mbuyuni

Basi lilitoka Mbezi saa 12 asubuhi kwenda Mbeya. Lilipofika Mikumi, dereva alikuwa ameshalisimamisha mara 3 mahali pasipo na kituo. Kwa kawaida abiria ndio wanaobembeleza washushwe kidogo kuchimba dawa, na dereva ndiye anayejifanya hasikii. Safari hii aliyekuwa akishuka mbio kuelekea vichakani ni suka mwenyewe, na nyuma watu wakaanza kunong'ona.

Dereva huyu nimemtunga. Tumwite Baba Rehema, miaka 46, hajawahi kupimwa sukari maishani mwake. Dalili zake na vipimo alivyofanyiwa sikuvitunga hewani; ndivyo tunavyokutana navyo kliniki, nimevikusanya kwa mtu mmoja ili vifuatike.

Kwa muda wa kama miezi 2 Baba Rehema alikuwa akiamka usiku mara 4 kwenda msalani, na kila akirudi kitandani anatafuta maji. Mkanda wa suruali ulikuwa umeingia matundu mawili ndani. Pale Mikumi, kibao cha kilomita 50 alikiona kama kina ukungu, ingawa alikuwa amevaa miwani aliyoinunua kwa machinga wiki moja kabla. Yeye alijua ni uchovu wa barabara. Kiu aliituliza kwa soda, kwa sababu soda ilimpa nguvu kidogo ya macho.

Hapa ndipo ilipokuwa shida. Figo huchuja sukari iliyomo kwenye damu kisha huirudisha ndani, lakini uwezo wake una kikomo. Sukari ikipanda kupita takriban milimoli 10 katika lita moja ya damu, figo haziwezi kuirudisha yote, na inayobaki hutoka na mkojo. Nayo haitoki peke yake, huvuta maji. Kwa hiyo mtu anakojoa sana kwanza, na kiu inakuja kwa sababu maji yametoka. Watu wengi husema kinyume: “Nakojoa sana kwa sababu nakunywa sana.” Ukisikia mtu anasema hivyo, muulize kama hata usiku, asipokunywa chochote, anaamka.

Baada ya manung'uniko ya Mikumi, Baba Rehema akafanya jambo ambalo madereva wengi wa masafa hulifanya: akaacha kunywa maji ili asisimame tena. Figo hazikujua kwamba amepanga hivyo. Ziliendelea kutoa maji, naye haongezi.

Ruaha Mbuyuni basi lilisimama ili watu wapate chakula. Alipoinuka kwenye kiti chake, macho yakaingia giza, vitunguu vilivyopangwa kando ya barabara vikazunguka, akaushika mlango. Kondakta akamdaka begani.

“Suka, hiyo sukari imeshuka. Kaa hapa, nakuletea soda.”

Akainywa yote. Chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai.

Sitamlaumu kondakta. Ushauri wake una mahali pake. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, sukari yake inaweza kushuka chini ya 3.9, atatetemeka, atatoka jasho jembamba, ataongea ovyo. Huyo, kama anaweza kumeza, vijiko 3 vya sukari kwenye maji vinaweza kumwokoa, na usingoje kutafuta kipimo. Lakini Baba Rehema hakuwa anatumia dawa yoyote, na kwa mtu wa namna hiyo sukari kushuka kiasi cha kumwangusha ni jambo la nadra. Yeye hakutetemeka wala kutoka jasho. Kinywa chake kilikuwa kikavu, mate yananata, na kizunguzungu kilimjia *alipoinuka*. Kizunguzungu cha kuinuka humwelekeza mtaalamu kwenye maji na shinikizo la damu kabla hajafika kwenye sukari.

Mbele yao kulikuwa na Kitonga, na kona zake, na malori yanayoshuka. Baba Rehema akasema soda imemrudisha, yuko sawa. Dereva mwenzake, aliyekuwa ametoka kulala, akanyoosha mkono.

“Kaka, nipe funguo.”

“Nimekwambia niko sawa.”

“Uko sawa, ndiyo. Nipe funguo.”

Wakapanda mlima, Baba Rehema akiwa kiti cha abiria, anamenya chungwa ili kukata ukavu wa kinywa. Walipofika juu wakamshusha kwenye kituo cha afya, tandiboi akabaki naye, basi likaendelea.

Muuguzi alimsikiliza, akampangusa kidole kwa pamba yenye spiriti, akamchoma, akaweka damu kwenye kijiti cha glukomita. Baada ya sekunde chache kikaandika 24.6. Muuguzi hakuiandika kwenye kadi. Aliinusa hewa.

“Baba, umekula chungwa?”

“Njiani.”

“Umemenya mwenyewe? Nenda pale bombani, osha mikono kwa sabuni, ikaushe vizuri, urudi.”

Kijiti cha glukomita kinatumia tone dogo mno la damu. Sukari ya tunda iliyoganda kwenye ngozi, hata usiyoiona, ikichanganyika na tone hilo inapandisha jibu sana, na kupangusa kwa spiriti peke yake hakutoshi kuiondoa. Nimewahi kuona mtu mzima mwenye afya akiambiwa ana sukari ya kutisha kumbe ni embe. Maji na sabuni, kisha kukausha, maana kidole chenye maji nacho kinapotosha kwa kuizimua damu. Achomwe ubavuni mwa kidole, si kwenye ncha, na kidole kisikamuliwe kwa nguvu.

Mara ya pili: 17.8.

Tofauti ya karibu 7 ilikuwa ya chungwa. Lakini 17.8 je, si ya soda? Tandiboi ndiye aliyeuliza hivyo, na ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa. Soda ilikuwa imenywewa kama saa moja kabla. Mtu ambaye kongosho lake linafanya kazi, akinywa soda, sukari inapanda kwa muda, na insulini inaishusha. Saa 2 baadaye kwa kawaida iko chini ya 7.8. Katikati ya hapo inaweza kuchezacheza juu kidogo, lakini soda moja haimfikishi mtu mwenye afya kwenye 17. Soda iliongeza juu ya kitu ambacho tayari kilikuwepo.

Daktari wa zamu akampima shinikizo la damu akiwa amelala: 126 juu, 80 chini. Akamsimamisha, akangoja, akapima tena: 102 kwa 70. Kushuka kwa 20 au zaidi katika ile namba ya juu mtu anaposimama ndiyo maelezo ya giza la machoni. Maji yalikuwa yamepungua mwilini. Mkojo ukapimwa: sukari nyingi, lakini ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza ukiunguza mafuta badala ya sukari, hakuna. Hiki cha ketoni ndicho daktari alichokuwa akikiogopa. Ketoni zikiwa nyingi, pamoja na kutapika, tumbo kuuma na kuhema haraka kwa pumzi nzito, mgonjwa hapewi vidonge na kuruhusiwa, anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Baba Rehema hakuwa na hayo. Alitundikiwa dripu ya maji ya chumvi, isiyo na glukosi, akapewa maji ya kunywa. Jioni alisimama bila kushika kitu.

Je, kipimo kimoja kinatosha kusema mtu ana kisukari? Inategemea na habari inayokizunguka. Mtu asiye na dalili yoyote, hata akikutwa na namba ya juu, lazima arudiwe siku nyingine. Lakini mwenye kiu, mkojo mwingi na kukonda, akikutwa na 11.1 au zaidi saa yoyote ya siku, utambuzi umekamilika kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani. Ila glukomita ni kifaa cha kidoleni, na kinaruhusiwa kupishana na maabara kwa hadi asilimia 15 hivi. Kwa hiyo daktari alichukua damu ya mshipani: asubuhi iliyofuata, kabla hajala, ilisoma 11.6, ambapo kuanzia 7.0 ndipo kisukari huanzia. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kile kinachoandikwa HbA1c kwenye karatasi, kilikuwa asilimia 10.2, na kikomo chake ni 6.5. Namba hiyo ndiyo iliyomaliza ubishi wa chungwa na soda, kwa sababu haiathiriwi na ulichokula jana. Ilisema wastani wa sukari yake kwa wiki nyingi umekuwa karibu na 13.6.

Figo zikapimwa, zikaonekana nzima, akaanzishiwa metformini miligramu 500, ameze pamoja na chakula ili tumbo lisimchafuke. Uchaguzi huu una uhusiano na kazi yake. Metformini ikiwa peke yake haina kawaida ya kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi ni rahisi na inafanya kazi haraka, lakini dereva aliyemeza asubuhi na kukosa chakula mpaka saa 9 alasiri anaweza kupoteza fahamu akiwa na watu 50 nyuma yake. Anayelazimika kutumia dawa ya aina hiyo, au insulini, anapaswa kupima kabla ya kuwasha gari na kila baada ya saa 2 njiani, asiendeshe ikiwa chini ya 5, na ikishuka chini ya 4 asimame, anywe kitu cha sukari, kisha angoje dakika 45 baada ya sukari kurudi sawa. Akili huchelewa kurudi kuliko namba.

Aliambiwa asishike usukani kwanza. Alikasirika, na ninamwelewa; siku isiyo na safari ni siku isiyo na posho.

Wiki 3 baadaye alirudi na daftari. Kabla ya kula asubuhi: 9.4, 8.8, 8.1. Usiku anaamka mara moja. Lakini alikuja na lalamiko jipya: tangu aanze dawa macho yameharibika zaidi, akivaa miwani ndiyo kabisa haoni.

Daktari akamwambia aivue, asome ubao wa herufi ukutani. Akasoma karibu yote. Sukari ikiwa juu kwa muda, lenzi ya jicho hubadilika umbo, na ukungu unaingia. Ikishuka, lenzi hurudi taratibu kwa wiki kadhaa. Miwani aliyonunua ilikuwa inafaa lenzi iliyovimba, na lenzi hiyo haikuwepo tena. Ndiyo maana hatupimi miwani mipya mpaka sukari itulie, ila ndani ya jicho tunachungulia mapema, maana mishipa ya retina inaweza kuwa imeguswa kabla mtu hajajua ana kisukari. Yake ilikuwa salama.

Tandiboi alikuwa amekuja naye tena. Wakati wa kutoka aliichukua ile miwani, akaijaribu, akasema yeye anaona vizuri nayo.

“Kaa hapo,” muuguzi akamwambia. “Lakini kaoshe mikono kwanza.”