Zohali katika nyumba ya mauti

Desemba 2024 alinijia dada mmoja, mzaliwa wa Tanga, simu mkononi. Hata kukaa hakukaa vizuri. "Shikamoo, mzee. Nisomee hapa, uniambie ukweli. Nitakufa?"

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza."

Kwenye simu palikuwa na chati yake ya kuzaliwa, na chini yake maelezo: Zohali iko nyumba ya nane, nyumba ya mauti, na tena kipindi hiki inarudi pale pale ilipokuwa siku aliyozaliwa. Jamaa mmoja wa mtandaoni alishamwambia ajiandae, kisha akamtajia bei ya kafara. Alikuwa na wiki tatu hapati usingizi.

Nimesoma chati za watu miaka mingi, na maneno ya namna hii ndiyo yanayoniletea wageni wengi kuliko yote. Nitaeleza nilivyomweleza yeye, kwa sababu chati yake ina karibu kila kitu kinachowatisha watu.

Chati ni picha ya mbingu kwa dakika moja, kutoka mahali pamoja. Inaonyesha Jua, Mwezi na sayari ziko buruji gani, yaani fungu gani kati ya mafungu 12 ya njia ya Jua angani, na buruji gani inachomoza mashariki wakati huo. Hayo ni mahesabu, na hayabahatishi. Yeye alizaliwa mapema Machi 1995, na siku hizo Zohali ilikuwa karibu digrii 15 za buruji ya Hutu, Jua likiwa jirani yake kabisa. Zohali huzunguka buruji zote 12 kwa takriban miaka 29 na nusu. Kwa hiyo ilirudi kwenye digrii ile Aprili 2024, ikaonekana kurudi nyuma na kuipita tena Septemba, na ilikuwa inakuja kuipita mara ya tatu Januari 2025. Hilo chati inalitabiri, na lilitokea kama lilivyohesabiwa.

Sasa tazama ni nani mwingine lilimtokea. Kila mtoto aliyezaliwa wiki ile ya Machi 1995, awe wa Tanga, Bujumbura, Maskati au Toronto, Zohali yake ilirudi miezi ile ile. Wanafunzi wenzake wote wa darasa la kwanza walipitia marejeo hayo kwa kupishana mwaka mmoja au miwili. Kila binadamu anayefika miaka 30 ameshayapitia. Kama marejeo ya Zohali yangekuwa hati ya kifo, tusingekuwa na wazee.

Na nyumba ya nane? Nyumba ni vipande 12 vya anga kuanzia upeo wa mashariki. Anga lote hupita mbele yetu kwa saa 24, basi huku kwetu karibu na ikweta kila sayari hukaa katika kila nyumba kwa muda wa saa mbili hivi, kila siku. Maana yake, katika watoto 12 wanaozaliwa leo kwa kutawanyika usiku na mchana, mmoja atakuwa na Zohali nyumba ya nane. Nilimwambia ahesabu abiria wa daladala aliyokuja nayo. Wawili au watatu wana chati ya kutisha kama yake, na wanafikiria nauli tu.

Jina ndilo linalouma. Wanajimu wa kale, na mapokeo ya Kiarabu yaliyofika pwani yetu, waliiita Zohali nuhusi kubwa, na nyumba ya nane wakaiita ya mauti. Lakini katika mapokeo hayo hayo nyumba hiyo ni ya mirathi, madeni na mali iliyo mikononi mwa watu wengine, na Zohali ni sayari ya uzito, kuchelewa na wajibu. Msomaji mwenye adabu akiona viwili hivyo pamoja huuliza: kuna deni linakusumbua? Kuna urithi haujagawanywa? Hilo ni swali, na mteja anaweza kujibu hapana.

Ninasema swali kwa makusudi. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson. Wanajimu walipewa chati ya mtu pamoja na maelezo matatu ya tabia, moja likiwa la mwenye chati, wachague. Wenyewe walitarajia kupata angalau nusu. Walipata kama theluthi moja, yaani sawa na kuchagua macho yamefumbwa. Kuna wenzangu wanaolipinga jaribio hilo hadi leo. Mimi nimelikubali, na limebadilisha ninavyofanya kazi. Kama chati haikuweza kutuonyesha tabia ya mtu aliye hai, hakuna namna nitakayosimama kumwambia mtu siku ya kufa kwake, ugonjwa wake, au kama mimba itafika salama. Ninachoweza kumpa ni mazungumzo, na lugha ya zamani ya kuyapangia anayoyajua mwenyewe.

Baada ya hapo nikamuuliza jambo ambalo ningepaswa kulianza. "Saa ya kuzaliwa uliitoa wapi?"

"Mama aliniambia saa tisa."

"Saa tisa ipi?"

Akanyamaza. Yeye alikuwa ameandika 15:00. Tukampigia mama yake pale pale, akacheka: "Saa tisa ya usiku! Majogoo hata hayajawika, baba yako anahangaika kutafuta gari."

Nikaandika 03:00. Zohali ikatoka nyumba ya nane ikaenda kukaa nyumba ya pili, upande wa pili kabisa wa chati, nyumba ya kipato. Wiki tatu za kukosa usingizi zilitokana na saa kumi na mbili za makosa. Hili kwetu ni tatizo la kila siku, maana programu za simu hazijui saa zetu. Wapo wanaoambiwa saa tisa wakaandika 9:00, wakapata chati ya tatu ambayo si ya usiku wala ya alasiri. Na hata saa ikiwa sahihi, buruji inayochomoza husogea digrii moja kila dakika nne, na nesi hutazama ukutani baada ya kumhudumia mama.

Alipumua kwa nguvu. Hapo nikamzuia, kwa sababu sikutaka aondoke akidhani ameponea chupuchupu. Ingekuwa mchana kweli, ningemwambia yale yale. Hakukuwa na hatari iliyohama kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Kuhusu yule wa kafara, nilimpa maswali matatu ya kumpelekea. Ni kitu gani hasa kwenye chati kinachosema hayo, digrii ngapi? Watu wangapi wengine wanacho? Na jambo gani lisipotokea, kufikia tarehe gani, atakubali amekosea? Asiyekuwa na jibu la hilo la tatu hajatabiri kitu, kwa sababu ukiwa mzima atasema kafara imefanya kazi. Na anayekutisha kisha akakuuzia dawa ya hofu ile ile, mfungie namba yake.

"Mwili wako unauma popote?" nilimuuliza wakati anasimama. Akasema kichwa tu, kwa kukosa usingizi. Nikamwambia kikiendelea aende zahanati, asirudi kwangu. Kisha nikampa kalamu, akaandika nyuma ya kadi yake ya kliniki: saa 9 usiku, 03:00.