Usishinde Njaa kwa Ajili ya Keki

Nesi, nina kisukari. Jumamosi kuna harusi ya mdogo wangu na keki nitaila tu. Nikiruka chai na chakula cha mchana si nitakuwa nimeiachia nafasi?

Hapana. Kwa anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, hili ndilo jambo la hatari kuliko keki yenyewe. Dawa hizo hushusha sukari hata kama hujala kitu. Ukimeza kidonge asubuhi na tumbo likabaki tupu, sukari inaendelea kushuka.

Niliwahi kumpokea mama mmoja aliyefanya hivyohivyo. Saa moja asubuhi alimeza glibenklamidi kwa chai kavu, akashinda anapika pilau ya shughuli bila kuonja. Saa nane mchana alianza kutetemeka na kutokwa jasho jingi, maneno yakawa hayaeleweki. Nyumbani wakadhani ni uchovu, wakamlaza. Alipofika kwetu saa kumi, kipimo cha sukari kilisoma 2.4 mmol/L. Chini ya 4 tayari ni hatari. Alitundikiwa dripu ya glukosi, akalazwa hadi kesho yake, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena. Harusi ikampita.

Mimi sina kisukari, nataka kupungua tu. Kwangu kuna ubaya gani kushinda na njaa?

Utakula vipande vitatu badala ya kimoja. Mtu mwenye njaa kali hana kipimo, na wengi wanaoniambia "nesi, nimeshindwa kujizuia" ukiwauliza walikula nini mchana, jibu ni hakuna. Kula mlo wako kama kawaida: maharage, samaki au yai, mboga za majani, na wanga kiasi. Kitamu kije baada ya hapo. Juu ya tumbo lenye chakula, sukari huingia kwenye damu polepole zaidi, na kipande kidogo kinakutosha.

Kipande kidogo ni kipi hasa?

Keki: unene wa vidole viwili, upana wa kiganja bila vidole. Ile krimu ya juu ni sukari na mafuta mengi. Kwangua, bakiza kidogo ya kuonja. Kipande kikiletwa kikubwa, gawana na jirani yako kabla hujaanza kula, maana ukishaanza hutagawa. Ya nyumbani ikate yote siku hiyohiyo, funga kila kipande peke yake, weka kwenye friza. Cha kuyeyusha kitakuwa kimoja.

Chokoleti: vunja vijumba viwili au vitatu, funga iliyobaki, irudishe kabatini, ndipo ukae chini ule. Usile kutoka kwenye karatasi yake ukiwa unatazama simu. Mkono utakwenda mpaka mwisho bila wewe kujua. Iache iyeyuke mdomoni.

Siku ya keki, soda iache. Chupa ya mililita 300 ina sukari takriban vijiko 8 vya chai, na haishibishi.

Hamu hunijia kila saa kumi jioni. Niache sukari kabisa?

Ukiapa kuacha kabisa, siku utakayovunja kiapo utakula ya wiki nzima. Kwanza jiulize ulikula saa ngapi. Kama ni saa sita, hiyo ni njaa: kula karanga kiganja kimoja au ndizi. Kama umeshiba, subiri dakika kumi na tano ukifanya kazi nyingine. Mara nyingi hamu hupita yenyewe. Isipopita, kula kipande chako. Kwenye chai punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Na usibadilishe sukari kwa asali ukadhani umepona. Asali nayo hupandisha sukari.

Mgonjwa wa kisukari akianza kutetemeka, chokoleti si inasaidia?

Isiwe ya kwanza. Mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu, na hapo kila dakika ina thamani. Koroga vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, au mpe nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima. Kama bado iko chini ya 4, rudia. Akipata nafuu, ale chakula.

Na tafadhali, msimlaze "apumzike". Jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa kwa mtu aliyemeza dawa bila kula si uchovu. Akipoteza fahamu, msimtie kitu chochote mdomoni, kitamwingia kwenye mapafu. Mlalisheni ubavu, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, na bebeni dawa anazotumia. Hata akizinduka njiani, kama alimeza glibenklamidi msigeuze gari kurudi nyumbani.